Fomu ya bima ya mtandao: swali la Ndiyo au Hapana na ulinzi wa nusu nusu

"Mkuu, mi ndo nasimamia kompyuta kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo hapa Dar, tuko watu 40. Broka kaleta fomu ya bima ya mashambulizi ya mtandao, swali la 7 linauliza kama tunatumia uthibitisho wa hatua mbili. Imeli tumeweka, VPN bado. Bosi anasema tiki Ndiyo. Nifanyeje?"

Usitiki Ndiyo ukaacha hivyo, maana mkija kudai fidia ndo sehemu ya kwanza watakayochimba. Marekani mwaka 2022 kampuni ya bima ya Travelers iliipeleka mahakamani International Control Services, fomu yao ilisema wanatumia uthibitisho huo, walipovamiwa na virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela ndo vifungue, ikadaiwa uthibitisho ulikuwa kwenye faiawoli tu, seva hazina. Mwisho pande zote zikakubali bima ifutwe kana kwamba haikuwahi kuwepo.

Kama fomu haina nafasi ya "kwa sehemu", tiki Hapana, pembeni andika "angalia barua", halafu barua itaje namba ya swali na ieleze kilichopo, kisichopo na tarehe uliyokagua. Mfano:

"Swali la 7: Hadi 3 Juni, akaunti 37 kati ya 40 za Microsoft 365 zina uthibitisho wa hatua mbili. Tatu zilizobaki ni za skana na za pamoja, hazina. VPN inaingiwa kwa paswedi pekee, na anayeingia anaifikia seva ya uhasibu. Swali la 9: Bakapu inafanyika kila usiku kwenye mashine iliyo mtandao uleule, na kila Ijumaa nakala inawekwa kwenye diski inayochomolewa na kutunzwa nje ya ofisi. Mwezi Machi tulijaribu kurudisha folda moja, seva nzima hatujawahi kuijaribu."

Hizo namba usizikadirie kichwani, fungua ukurasa wa admin uhesabu, na uhifadhi picha ya skrini ya siku hiyo. Hiyo sentensi ya seva nzima najua bosi ataitaka itoke, mbanie kabisa, bakapu ambayo haijajaribiwa sio sawa na iliyojaribiwa na anayepima hatari kwenye kampuni ya bima anajua hilo.

Kingine, angalia sana ahadi. Ukiandika "VPN tutaiwekea kufikia 30 Septemba" wanaweza kuifanya sharti la bima, ikipita hujaweka umejifunga mwenyewe, kwahiyo taja tarehe pale tu ambapo hela na fundi vipo tayari. Na kitu kikibadilika kabla bima haijaanza, waandikie tena.

Ndiyo, bei inaweza kupanda au wakakataa kulipia uvamizi uliopitia VPN, ila bora mlijue hilo sasa kuliko siku seva imefungwa. Bosi aisome barua yote kabla hajasaini, afu mwambie broka aipeleke pamoja na fomu, na kampuni ya bima ithibitishe kwa imeli kwamba imeipokea kama sehemu ya fomu, sababu ikibaki kwa broka tu mtakuja kubishana kama ilifika.