Kutafakari Kunapokosa Ladha: Kwanza Ujue Ni Ukavu wa Aina Gani

Anayeanza kutafakari hukumbana na shida nyingi, lakini ukavu si mojawapo, kwa kuwa kila kitu bado ni kigeni kwake na hata maumivu ya magoti humpa jambo la kusimulia. Ukavu ninaouzungumzia hapa huwapata waliodumu katika zoezi hili kwa miaka. Unaketi alfajiri kama kawaida, unafuata pumzi kama kawaida, na hakuna kinachotokea: utulivu uliouzoea haupo, wala msukosuko haupo, na kengele inapolia unainuka ukijiuliza kwa nini hukuendelea kulala. Nimepita hapo zaidi ya mara moja, na ushauri ulionifaa haukuwa ule wa "vumilia tu", bali ule ulionilazimisha kutambua kwanza ni ukavu wa namna gani.

Walimu wa mapokeo ya Kibuddha nchini Myanmar, hasa wanaofuata njia ya Mahasi Sayadaw (1904–1982), hawamuulizi mwanafunzi kama kikao kilikuwa kizuri. Humtaka aeleze nini kilijitokeza, alikitambuaje, na baada ya kukitambua kikawaje. Maswali hayo yanaonekana makavu kuliko ukavu wenyewe, lakini hutenganisha mambo mawili ambayo mhusika huyaona kuwa kitu kimoja. La kwanza ni akili iliyozama katika uzito, yaani usingizi ambao haujafikia kuwa usingizi. La pili ni akili iliyo macho kabisa, ila inachokiangalia hakina raha wala karaha.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Kayole, alikuwa amefika mahali pa kutaka kuacha. Alikuwa akiketi asubuhi kabla ya kwenda kazini na usiku baada ya kusahihisha madaftari, na vikao vyote viwili aliviita "bure". Mwalimu wake alipomtaka aeleze dakika kumi za mwisho za kikao cha usiku, hakuwa na la kusema. Kidevu kilikuwa kikishuka, picha zisizo na mpangilio zilipita, pumzi aliijua kwa mbali tu, na kengele ilimshtua. Alipoulizwa kuhusu asubuhi, majibu yalikuwa tofauti kabisa: alimsikia makanga akiita abiria kule stejini, alijua pumzi ipi ilikuwa ndefu na ipi fupi, na aliweza kuzihesabu hadi kumi bila kupotea. Umakini ulikuwepo, kilichokosekana ni ladha. Kipimo hicho cha kuhesabu hadi kumi ni chepesi, nami hukitumia hadi leo, kwa sababu aliyezama katika uzito hupotea njiani au hujikuta kwenye kumi na tatu.

Uzito wa usiku haukuhitaji falsafa. Katika mahubiri ya kale ya Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, Buddha anampa mwanafunzi wake Moggallana, aliyekuwa akisinzia, hatua za kufuata moja baada ya nyingine: abadilishe alichokuwa akikizingatia, akumbuke mafundisho, ayakariri kwa sauti, avute masikio na kusugua viungo, anawe macho na kutazama nyota, auelekeze moyo kwenye mwanga, atembee huku na huku, na yote yakishindikana, alale. Napenda kwamba orodha hiyo inaishia kitandani. Mtu anayeamka saa kumi usiku ili aiwahi foleni ya Barabara ya Jogoo ana deni la usingizi, na deni hilo halilipwi kwa kukaza nia. Rafiki yangu alikihamishia kikao cha usiku kabla ya chakula cha jioni, akakifanya cha kutembea polepole sebuleni, na ule uzito ukapungua.

Asubuhi ndiyo ngumu kuielewa. Mafundisho ya Kibuddha hugawa hisia katika mafungu matatu: ya raha, ya karaha, na isiyo raha wala karaha. Hiyo ya tatu ndiyo akili huipuuza, na pumzi iliyotulia ni ya fungu hilo. Buddhaghosa, mfafanuzi wa maandiko ya Kibuddha aliyeandika nchini Sri Lanka katika karne ya 5, alitoa tahadhari kwamba vitu vingine vya kutafakaria huzidi kuwa dhahiri kadiri mtu anavyoendelea, ilhali pumzi hufanya kinyume: huzidi kuwa nyembamba hadi mtu akadhani imetoweka. Ushauri wake ni kwamba mtu asiinuke wala asianze kuisaka huku na huku, bali abaki pale ambapo pumzi hugusa siku zote, kwenye ncha ya pua au mdomo wa juu. Anamfananisha na mkulima aliyewaachia ng'ombe wake wakalishe msituni. Akiwahitaji tena hahangaiki kufuata nyayo zao, huchukua kamba na kwenda kuwangoja pale wanaponywea maji.

Kwa hiyo pumzi isiyo na ladha si lazima iwe dalili ya kurudi nyuma. Lakini kuchoshwa nayo ni jambo jingine, na hapo ndipo pa kuangalia kwa karibu. Kuchoshwa kuna karaha ndani yake, japo ndogo: kukaza kidogo kwa paji la uso, hamu ya kufungua jicho moja uione saa, kisha mpango wa siku unaanza kujipanga wenyewe. Katika njia ya Mahasi mtu huitambua hali hiyo kimyakimya, "kuchoka, kuchoka", hadi ipungue, halafu hurudi kwenye kupanda na kushuka kwa tumbo. Rafiki yangu baada ya wiki kadhaa hakuniambia kwamba utulivu wa zamani umerudi. Aliniambia kwamba sasa anaona pale hasa anapoanza kupanga masomo ya siku, na kwamba kila mara hutanguliwa na pumzi moja tulivu ambayo hakuitaka.

Ushauri wa pili nimeupata kwa Wakatoliki, ambao hapa Nairobi wana nyumba za mafungo ambako mtu anaweza kuongea na mwongozaji, kama ile ya Wajesuti ya Mwangaza. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuti, alifundisha kwamba wakati wa ukiwa, yaani moyo unapokosa faraja katika sala, mtu asibadili maamuzi aliyoyafanya kabla ukiwa haujamjia, na kwamba anayeshawishika kufupisha saa ya sala aizidishe kidogo. Mimi huchukua sehemu ya kwanza bila masharti: sibadili njia wala mwalimu katikati ya ukavu. Sehemu ya pili naitumia kwa ukavu ulio macho tu, kwa maana anayesinzia akiongezewa dakika anaongezewa kusinzia.

Kuna mpaka ambao hata wahenga hao waliuona. Yohane wa Msalaba, mtawa Mkatoliki wa Hispania wa karne ya 16, alitaja miongoni mwa alama za ukavu wa kiroho kwamba mtu hapati utamu katika mambo ya Mungu wala katika kitu kingine chochote, lakini akaongeza kwamba alama hiyo peke yake inaweza kutokana na ugonjwa wa huzuni. Basi jiulize kuhusu mambo yaliyo nje ya kikao. Ikiwa chakula, watu na kazi vimepoteza ladha pia, usingizi umevurugika, na hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, punguza vikao, ahirisha mafungo marefu ya ukimya, na umwone daktari. Mweleze pia kwamba unatafakari, kwa muda gani kila siku, na hali hiyo ilianza lini.