Wima wa timazi na wima wa bapa

*Swali: Nafundisha masomo ya ziada ya hisabati hapa Nyamagana, Mwanza, kwa vijana wa kidato cha tano na sita. Niliandika ubaoni: "Tafuta umbali wa wima kutoka nukta P(1, 2, 8) hadi bapa 2x + 3y + 6z = 14, vipimo ni mita." Mmoja akaleta 7, mwenzake 6, na wote wanasema wamefuata maneno yangu. Kosa liko kwenye hesabu au kwenye Kiswahili changu? Halafu, mstari unagusa bapa au unalikata?*

Mwalimu, hesabu za vijana wote wawili ni sahihi. Kilichowatenganisha ni neno "wima".

Kwa Kiswahili cha kila siku, wima ni kusimama: nguzo iko wima, mtu amesimama wima. Fundi huipima hali hiyo kwa timazi, na timazi hufuata mvuto wa dunia tu, haiangalii ardhi iliyo chini yake imelalaje. Juu ya sakafu tambarare uzi wa timazi hukutana na sakafu kwa pembe mraba, kwa hiyo maana mbili hukaa mahali pamoja na hakuna anayeona tofauti. Ukipanda Igogo au Mabatini, ambako nyumba zimejengwa mlimani katikati ya mawe, maana hizo zinaachana. Nguzo ya umeme pale imesimama wima kabisa, lakini haifanyi pembe mraba na mteremko.

Tulichukue swali lako kama lilivyo na kuliweka kwenye mteremko wa namna hiyo. Namba za x ziongezeke kuelekea magharibi, yaliko maji ya ziwa, za y kuelekea kusini, na za z kwenda juu. Bapa lako ni ardhi inayoinama kiasi cha nyuzi 31, na P ni ncha ya nguzo. Kijana wa kwanza alishusha timazi kutoka P. Anayeshuka hivyo habadili x wala y, anabadili z peke yake: 2 + 6 + 6z = 14, z ni 1, na kutoka 8 hadi 1 ni mita 7. Huo ndio urefu wa nguzo. Kwa fundi umeme, hilo ndilo jibu.

Kijana wa pili alifuata bapa lenyewe. Namba zinazozidisha x, y na z katika mlinganyo wa bapa zinaunda vekta n = (2, 3, 6), na vekta hiyo hukutana na bapa kwa pembe mraba kila mahali. Aliweka P kwenye mlinganyo: 2 + 6 + 48 ni 56, toa 14, inabaki 42. Hiyo 42 bado si umbali, kwa sababu imebeba ndani yake urefu wa n, ambao ni kipeuo cha pili cha 4 + 9 + 36, yaani 7. Gawanya 42 kwa 7, unapata mita 6. Angalia mahali jibu la 7 linapojitokeza: 42 ikigawanywa kwa 6, ambayo ni sehemu ya z peke yake, unapata kimo cha timazi. Ukimwona mwanafunzi amegawanya kwa 6, amesoma "wima" kama fundi. Akikuletea 42, amesahau kugawanya.

Mita 6 hizo zinaishia wapi? Kutoka P, rudi nyuma kwa sehemu 6/7 ya n, unafika kwenye nukta (-5/7, -4/7, 20/7). Kimo chake ni karibu mita 2.9, ilhali chini ya nguzo ni mita 1. Sehemu ya ardhi iliyo karibu zaidi na ncha ya nguzo iko upande wa juu wa mteremko, si penye shina la nguzo. Ningependa wanafunzi waichore picha hii kabla ya kugusa fomula, maana ikishaeleweka hawatachanganya tena maana hizo mbili.

Sasa mstari. Chukua asubuhi ya Machi, karibu na tarehe 21, jua linapotembea karibu juu ya ikweta. Yapata saa nne na nusu Mwanza, miale hushuka kuelekea magharibi kwa mwelekeo unaokaribiana na v = (2, 0, -3). Kivuli cha ncha ya nguzo kitaangukia wapi? Mwale unaopita P una nukta (1 + 2t, 2, 8 - 3t). Iweke kwenye bapa: 2 + 4t + 6 + 48 - 18t = 14, yaani 56 - 14t = 14, na t ni 3. Kivuli kiko (7, 2, -1). Hakiki: 14 + 6 - 6 ni 14, nukta imo kwenye bapa.

Hapa Kiswahili kinatega tena. Wanafunzi wengi wakiona t = 3 huandika kwamba umbali ni 3. Lakini t inahesabu ni mara ngapi tumeichukua v, na v ina urefu wake, kipeuo cha pili cha 13. Kutoka ncha hadi kivuli ni karibu mita 10.8. Kwa hiyo nukta moja na bapa moja vimetupa 6, 7 na 10.8, na kila moja ni umbali halali kwa njia yake. Neno "umbali" likisimama peke yake katika jometri lina maana ya ulio mfupi kuliko yote, 6. Jibu la umbali wa nukta na bapa likizidi urefu wa njia nyingine yoyote uliyoipima, kuna kosa.

Kuhusu kugusa na kukata, mimi nakushauri uandike "kukata". Tufe linaweza kugusa bapa kwenye nukta moja na kubaki upande mmoja. Mstari ulionyooka hauwezi: ukilifikia bapa kwenye nukta moja tu, umetokeza upande wa pili. Lakini usiandike "kukata" kabla ya kuzidisha v na n sehemu kwa sehemu na kujumlisha. Hapa tulipata 4 + 0 - 18 = -14. Ingekuwa sifuri, t ingepotea kwenye mlinganyo. Ukibaki na kitu kama 42 = 0, mstari ni sambamba na bapa na havikutani kamwe. Ukibaki na 0 = 0, mstari wote umo ndani ya bapa, na hapo "kukata" ni uongo. Swali lisiloficha jibu litumie "kukutana": "Je, mstari unakutana na bapa? Kama ndiyo, wapi?"

Tenganisha pia mstari na mwale. Mstari hauna mwanzo, kwa hiyo t hasi inakubalika. Mwale wa jua uliopita P unakwenda mbele tu. Kama t ingetoka hasi, mstari ungekata bapa nyuma ya P, upande jua linakotoka, na kivuli kisingekuwepo pale.

Swali lako ningeliandika hivi: "Tafuta umbali kutoka nukta P(1, 2, 8) hadi bapa 2x + 3y + 6z = 14, ukipimwa kwa pembe mraba na bapa." Ukitaka kimo cha timazi, andika "ukishuka sambamba na mhimili wa z", na jibu la 7 litapata alama zote.