Kabla hujaweka kodi, angalia neno limetoka kwa nani

Wadogo zangu mlioanza kazi mwaka huu, juzi nimewarudishia transkripti sita za mahojiano kati ya nane mlizoniletea. Kazi yenu ni nadhifu na rangi mmezipanga vizuri, lakini ukurasa wa kwanza tu nimekuta kodi, yaani lebo ya maana, ya "gharama" imebandikwa kwenye jibu ambalo mhojiwa kasema "eeh", basi. Gharama kaitaja mhoji. Kosa hilo nalijua vizuri kwa sababu nililifanya mimi kabla yenu, na walioumia si mimi.

1. Soma mistari ya H, yaani mhoji, peke yake kwanza; M ni mhojiwa. Funika majibu kwa karatasi, usome maswali tangu la kwanza hadi la mwisho, na kila neno zito ulilolikuta upande wa H liandike pembeni. Ukifika kwenye majibu, neno hilo huna ruhusa ya kulihesabu mpaka uone mhojiwa kalileta mwenyewe au kalifafanua kwa maneno yake.

Sasa niwaambie yaliyonikuta. Tulikuwa tunauliza kwa nini wajawazito wanachelewa kuanza kliniki. Mnajua hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12, na wengi walikuwa wanafika mwezi wa tano au wa sita. Nilihoji akina mama 12 mwenyewe, nikanukuu mwenyewe, nikaweka kodi mwenyewe. Kodi ya "umbali" ikatokea kwa akina mama tisa. Nikaandika ripoti kwamba kikwazo kikubwa ni umbali, na pendekezo likawa kuongeza huduma ya mkoba, yaani wahudumu wawafuate akina mama huko huko kijijini.

Tukarudi kijijini kutoa mrejesho. Nimesimama mbele ya ofisi ya kijiji na chati yangu, akanyanyuka mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, mmoja wa wale 12. Akasema, "Dada, mimi nikiwa jikoni kwangu naona bati la zahanati. Umbali uko wapi?" Watu hawakucheka. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mbona tulikuambia."

Usiku ule nilifungua transkripti yake. Hiki ndicho kipande chenyewe:

H: Kwa hiyo ulichelewa kwa sababu ya umbali?
M: Mhm. Ndo hivyo.
H: Ni mbali eeh?
M: Mbali... si unajua tena. Unaenda, ukifika, eti nenda kamlete baba wa mtoto. [kimya] Basi unarudi.
H: Sawa. Na nauli ni shilingi ngapi?

Alikuwa ameniambia kweli, na mimi nikamjibu "sawa" nikakimbilia nauli. Neno "umbali" nililianzisha mimi. Yeye alilirudia mara moja, akaliacha likining'inia, akahamia kwenye jambo lake. Nikapitia wale tisa wote: kwa saba, neno lilitoka kinywani mwangu kwanza.

Jambo lake mnalifahamu. Wenza wanahimizwa kuja pamoja hudhurio la kwanza ili wapimwe VVU wote wawili, na nia yake ni kumkinga mtoto. Lakini kuna vituo ambako kuhimiza kumegeuka sharti: aliyekuja peke yake anarudishwa, au anaambiwa alete barua ya mwenyekiti. Sasa aliyekataliwa mimba afanye nini? Aliyeachwa na mume aliyekwenda machimboni? Anasubiri, miezi inakwenda. Huduma ya mkoba ingemletea sharti lile lile hadi mlangoni. Ripoti ilikuwa imeshapelekwa. Tuliandika marekebisho, ila marekebisho hayasomwi kama ripoti inavyosomwa, na hilo bado linaniuma.

2. Ndani ya M pia mna watu wengi. Rudini kwenye jibu lile mliangalie polepole. "Nenda kamlete baba wa mtoto" si maneno ya yule mama, ni ya mtu wa dirishani, na kilichotuonyesha ni "eti". Kwa "eti" mama anatupa maneno ya mwingine na papo hapo anatuambia hayakubali. Angesema "waliniambia nimlete baba wa mtoto", tungepata habari ile ile bila uchungu wake. Kisha tazameni nafsi. Mahojiano yote alikuwa akisema "nilienda", "nilimwambia mama", lakini alipofika penye kuaibishwa akahama: "unaenda", "unarudi". Aibu akaitoa mwilini mwake akaiweka kwa yeyote anayesikiliza. Sehemu kama hiyo uitie alama, kisha urudi kwenye sauti usikilize.

Lakini msichukue "eti" moja mkajengea ghorofa. Kuna "eti" ya kuulizia tu, kama "eti, ni kweli?", na kuna watu ambao "unaenda, unarudi" ndiyo njia yao ya kusimulia kila kitu, hata safari ya sokoni. Ndiyo maana nasema linganisheni na mhojiwa huyo huyo mahali pengine. Yule mama "unaenda" aliitumia mara mbili tu kwenye kurasa 14, na zote mbili ni pale dirishani. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kusema kuna kitu.

Vivyo hivyo majina. Mwanzoni alimwita mhudumu "nesi". Alipoeleza alivyopimwa presha kwa upole akasema "yule dada". Baada ya kurudishwa ikawa "kale kadada". Mtu ni yule yule mmoja, hakubadilika sare wala cheo, aliyebadilika ni anayemtazama. Kuna kijana wetu mmoja, nampenda sana, amesahihisha "kale kadada" kuwa "muuguzi" ili transkripti iwe na Kiswahili fasaha. Mdogo wangu, umefuta data. Andika kama ilivyosemwa, pamoja na kicheko na kimya, na kimya kiandike kwa sekunde. Kama kimya kimetokea kwa sababu mtoto alilia, andika hivyo pia, tusije tukakipa maana isiyokuwepo.

3. Swali la kukanusha lisikudanganye. "Hukupewa kadi?" akijibu "ndiyo", kwa kawaida maana yake ni kweli hakupewa. Wengine hujibu kinyume, kwa hiyo soma mstari unaofuata kabla ya kuamua.

4. Kwenye majadiliano ya kikundi, "Wote: Ndiyo" ikatazwe. Mnukuzi asikilize tena atenganishe sauti, maana W3, mshiriki wa tatu, aliyenyamaza dakika 40 hakukubali chochote.

5. Mwisho wa transkripti usiuruke. "Una la kuongeza?" "Hapana, tunashukuru." Hiyo "tunashukuru" wengi wenu mmeiwekea kodi ya "kuridhika na huduma". Ni adabu ya kuagana. Mtu aliyesema "mimi" saa nzima ghafla kawa "sisi", amekwisha kusimama mlangoni anakusindikiza.

Na msome daftari la uwandani pamoja na transkripti, ukurasa kwa ukurasa. La kwangu, siku ya yule mama, lina mstari mmoja nilioandika baada ya kuzima rekoda, ambao sikuupa kodi yoyote kwa sababu niliona hauhusiani na maswali yetu: "Ameniuliza kama nimeolewa, na kama mume wangu hunisindikiza nikienda hospitali."