Nikatae kazi ya 500,000 ningoje ya 800,000?

"Mkataba wangu ulivunjwa, nilikuwa nalipwa 600,000. NSSF wananipa fao la kukosa ajira, 200,000 kwa mwezi kwa miezi 6. Nimepata kazi ya 500,000, mkataba wa mwaka. Niichukue?"

Ndugu, piga hesabu ya kungoja mwezi mmoja tu. Ukikataa, unapoteza 300,000: mshahara toa fao. Unachoweza kupata ni nyongeza ya 300,000 kwa miezi 12, yaani 3,600,000, lakini kwa uwezekano wa kuipata kazi ya 800,000 mwezi huu. Ukiwa 10%, thamani yake ni 360,000, kwa hiyo kungoja kunalipa. Ukiwa 5%, ni 180,000 tu, chukua kazi.

Kwa 10%, mshahara wako wa chini wa kukubali, ule ambapo kuchukua kazi na kungoja vinalingana, ni kama 527,000. Fao likiisha, unashuka hadi kama 436,000, na hiyo 500,000 inakuwa nzuri. Ndiyo maana fao huwarefushia watu muda wa kukaa bila kazi, na wengi hulegeza masharti linapokaribia kuisha.

Hatari iko kwenye hiyo 10%. Hata ikiwa sahihi, uwezekano wa kumaliza miezi 6 bila kupata kazi ya 800,000 ni 53%. Na watu huikadiria kwa matumaini, kwa hiyo hesabu usaili ulioitwa, usihesabu barua ulizotuma. Tena hesabu hii inadhani kazi ya 500,000 itapatikana tena baadaye. Kama nafasi hizo ni adimu kwenye fani yako, ichukue.