Ngumi safi ya kata, mbona haihesabiwi kwenye taekwondo?

Kuna kijana alikuja kwetu Chang'ombe anatokea karate, kata zake, yaani ule mfululizo wa mapigo unaoufanya peke yako bila mpinzani, safi kabisa, nyonga inazunguka vizuri na ngumi ikifika mwisho inakaa pale pale. Kwenye pambano lake la kwanza la taekwondo akapiga ngumi tatu kifuani, ikahesabiwa moja, akarudi kona amekasirika: "Mwalimu, zote zimeingia, mbona hawanipi?" Zimeingia kweli, niliziona. Nimeulizwa swali hilo na wengi wanaotoka karate, kwa hiyo acha nilieleze hapa.

Kwenye taekwondo ya Olimpiki koti la kinga lina vifaa vya umeme ndani, na mchezaji anavaa soksi zinazosomana na hilo koti. Teke likigusa kwa wayo na likiwa na nguvu ya kutosha kwa uzito wenu, mashine inatoa pointi yenyewe, jaji hata asipoliona. Ngumi haisomwi na mashine, inasubiri majaji wa pembeni wabonyeze, na wakiwa watatu lazima angalau wawili wabonyeze karibu kwa wakati mmoja. Sasa jaji anaangalia nini? Ngumi iliyonyooka, kwenye koti tu, na mpinzani aonekane imempata, yaani mwili urudi nyuma au shambulio lake likatike. Ngumi ya kata imefundishwa kukaza na kusimama kwenye nukta yake, kwa hiyo ikigusa koti bila kumsogeza mtu jaji wa upande wa pili haoni kitu. Na ole wako mazoea yakikupeleka kupiga usoni kama kwenye kata, hapo ni adhabu, mpinzani anapewa pointi 1.

Hesabu yenyewe, kwa sheria za Paris 2024: ngumi 1, teke la mwili 2, teke la kichwa 3, na ukizunguka kwanza linakuwa 4 mwilini au 5 kichwani. Kwenye lile la kuzunguka mashine inasoma kwamba limegusa, majaji ndo wanaongeza 2 za mzunguko. Yule kijana wetu alipata 1 kwa ngumi zake, mwenzake akazunguka mara moja akagusa koti, 4, raundi ikaenda. Ushauri wangu kwake ulikuwa asiiache ngumi ila aipe kazi nyingine: mpinzani akiingia, mkatize kwa ngumi ya mkono wa nyuma, imsukume mpaka akae mbali kidogo, halafu teke la mguu wa nyuma hapo hapo kabla hajatulia. Pointi ya ngumi ikija sawa, isipokuja una 2 za teke. Sisi hatuna koti za umeme kwa hiyo tunaweka wenzetu wawili pembeni wanyooshe mkono wakiona mtu amesogea, na wasiponyoosha wote wawili haihesabiwi, inasaidia sana kuona jicho la jaji linakosa nini.

Kwenye kata ni kinyume, hakuna mtu wa kumgusa. Tokyo 2020, Olimpiki pekee mpaka sasa iliyokuwa na karate, majaji 7 walitoa alama mbili mbili kati ya 5.0 na 10.0: moja ya ufundi (kusimama, kuhama, pumzi, wakati) na moja ya mwili (nguvu, kasi, mizani). Zikatupwa mbili za juu na mbili za chini, zikajumlishwa tatu zilizobaki. Tuseme ufundi zimebaki 9.2, 9.4 na 9.4, jumla 28.0, zidisha kwa 0.7 unapata 19.6. Mwili 9.0, 9.0 na 9.2, jumla 27.2, kwa 0.3 ni 8.16. Una 27.76. Fainali ya wanawake Sandra Sánchez alipata 28.06, Kiyou Shimizu 27.88, na wote walifanya kata moja, Chatanyara Kushanku! Tofauti ya 0.18 ni vitu vidogo kama mguu kutulia baada ya kugeuka.

Kwa hiyo ukitoka taekwondo kwenda kata usipandishe teke kichwani pale kata inapotaka tumboni, hapo unabadilisha ufundi, na kwa hesabu ile ya Tokyo alama kubwa ndo ilikuwa huko. Angalia zaidi mguu uliobaki chini. Kisigino kikinyanyuka wakati wa teke, au ukishusha mguu halafu ukahitaji nusu hatua kujiweka sawa, jaji ameshaona umeyumba. Acha pia kupiga koti la karate kwa mkono ili litoe mlio au kukanyaga sakafu kwa kishindo, wengi wanadhani inaonyesha nguvu ila kwenye kata inahesabiwa kosa.