Tangazo la sekunde 60 la duka la mtaani, Pasua

"Nina duka dogo Pasua, Moshi. Tangazo la sauti la sekunde 60 liwe na maneno mangapi, na muda niugaweje?"

Ndugu, maneno 150 ambayo hushauriwa kwa tangazo la sekunde 60 yanafaa Kiingereza. Ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo 90 hadi 100 yanatosha, na msomaji akianza kumeza silabi za mwisho, futa sentensi nzima badala ya kumharakisha.

0–6: "Mama, sukari imeisha na chai iko jikoni?" Kisha kimya kifupi.
6–32: Eleza bidhaa tatu tu, yaani unga, mafuta ya kupima na mkaa, bila kutaja bei, kwa kuwa bei ikipanda utalazimika kurekodi upya.
32–39: "Tunafungua saa kumi na mbili asubuhi, tunafunga saa nne usiku."
39–57: "Ukishuka daladala Pasua, tupo mkabala na kijiwe cha bodaboda, duka lenye mlango wa kijani." Isomwe mara mbili, polepole, maana hapa ndipo mteja anapopatikana au kupotea.
57–60: Muziki uzime taratibu.

Waulize kwanza watu wa redio kama watakubali muziki wako.