Mgeni akisema "whaddya", sikiliza neno linalofuata

Mgeni wa Kimarekani anashuka kwenye gati la Shela, kisiwani Lamu, anamsogelea nahodha na kumuuliza: "Whaddya gonna charge us to go out to Takwa?" Nahodha amesoma Kiingereza tangu shule ya msingi. Neno "what" analijua, "charge" analijua, "go" analijua. Lakini kilichomfikia sikioni ni kitu kama "wadaya gana chajas tago auta Takwa", na humo ndani ameambulia neno moja tu, Takwa. Basi anaanza kueleza habari za magofu ya Manda, kumbe mwenzake anauliza bei.

Msamiati haukumwangusha nahodha huyu, kwa hiyo kumwongezea maneno mapya hakutamsaidia. Kumwomba mgeni arudie nako husaidia kidogo, maana wengi hurudia kwa sauti kubwa zaidi na sehemu iliyomezwa ikabaki imemezwa vilevile. Anachohitaji ni kujua nini kinamezwa, kinamezwa wapi, na kinaacha alama gani.

Kumeza maneno si jambo geni kwetu. Mtu aliyejifunza "nitakuja" na "nimeshamwambia" kitabuni, akikaa uwanja wa Mkunguni mjini Lamu jioni moja atasikia "ntakuja" na "nshamwambia", naye atahangaika kuitafuta ile "ni" asiione. "Baba yake" nayo ishakuwa "babaake". Tofauti ni kwamba katika Kiswahili irabu zinazobaki hazibadiliki rangi: "a" hubaki "a" na "u" hubaki "u", uwe na haraka au usiwe nayo. Kiingereza hakina huruma hiyo. Maneno yanayobeba ujumbe, kama "charge" na "Takwa", hupewa nguvu na muda. Vijineno vya kuunganisha, kama "are", "do", "you", "to", "of" na "have", husukumwa kwenye nafasi finyu iliyobaki katikati, na irabu zake zote hugeuka kuwa sauti moja hafifu, mdomo umelegea na ulimi umetulia katikati. Sisi sauti hiyo hatuna. Sikio letu huipokea kama "a" fupi.

Hapo ndipo penye ufunguo. Ile "a" fupi mwishoni mwa "gonna" ni "to". Mwishoni mwa "wanna" ni "to" pia. Katika "kinda" ni "of", katika "coulda" ni "have", na katika "whaddya" ni "you". Sauti ni moja, maneno manne tofauti. Kwa hiyo ukisikia "a" fupi imegandamana na neno lenye nguvu, usiifanye sehemu ya neno hilo. Jua kuna kijineno kimezikwa hapo, na neno la jirani ndilo litakalokwambia ni kipi.

Tuichukue "whaddya", kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi. Ina asili mbili. Ya kwanza ni "what do you": "t" ya mwisho wa "what" inamezwa na "d" inayofuata, halafu "you" inakuwa "ya". Ya pili ni "what are you". Wamarekani, "t" ikiwa katikati ya irabu, huigonga kwa ncha ya ulimi mara moja tu, haraka. Hiyo ni karibu sawa kabisa na "r" yetu ya "bara" na "kura". Ndiyo maana "water" yao huja kama "wara". "What are you" basi inakuwa "waraya", na anayeiandika kwa Kiingereza hutumia "d" mbili kwa sababu hana herufi nyingine ya sauti ile. Mswahili ana bahati hapa, ulimi wake unaijua tayari. Akiacha kutafuta "t" ya darasani na kuitegea "r", mengi yatafunguka.

Sasa, ikiwa asili mbili zinaishia kwenye sauti moja, utajuaje ni ipi? Usiitazame "whaddya" yenyewe, tazama kinachofuata. Kikifuata kitenzi kitupu, ni "do": "Whaddya want?", "Whaddya think?", "Whaddya charge?" Kikifuata kitenzi chenye "-ing", au "gonna", ni "are": "Whaddya doing?", "Whaddya gonna charge?" Nayo "gonna" ni "-ing" iliyojificha, maana ndani yake mna "going".

Kwa nahodha tofauti hiyo ni pesa. "Whaddya charge?" ni kuuliza bei yako ya kawaida, na mgeni huenda anazunguka gati nzima akilinganisha. "Whaddya gonna charge us?" ni kuuliza utatutoza ngapi sisi, kwa safari hii. Huyo ameshaamua nusu. Jibu la wa kwanza ni bei. Jibu la wa pili ni bei pamoja na saa ya kuondoka, hasa kwa Takwa, ambako mashua hupita kwenye mkondo wa mikoko maji yakiwa yamejaa.

Kuna ndugu yake mmoja wa kuangalia, "whadja", ambayo husikika "waja". Kwa Mmarekani hiyo kwa kawaida ni "what did you", yaani wakati uliopita: "Whadja pay yesterday?" anauliza ulilipa ngapi jana. Lakini Mwingereza naye huifupisha "do you" ikawa "ju", kwa hiyo "woja want?" ya mtu wa London inaweza kuwa ya sasa kabisa. Usiikubali "ja" peke yake kuwa ushahidi wa jana. Tafuta neno la wakati, au angalia mnazungumzia nini.

"Gonna" na "wanna" zina mipaka yake, na mipaka hiyo ni msaada kwa msikilizaji. "Gonna" hutangulia kitenzi, haitangulii mahali. "I'm gonna sail" ni sawa, lakini mtu anayekwenda Pate husema "I'm going to Pate", haiwi "gonna Pate" hata akiwa na haraka namna gani. Kwa hiyo ukisikia "gana", tega sikio, kitenzi kinakuja. Tena "I'm gonna" yenyewe husinyaa zaidi ikawa "amana", na hiyo huwapita wengi wakidhani ni jina la mtu au ile amana ya kuwekeana. "Wanna" ina mtego mwingine: inaweza kuwa "want to" au "want a". "Wanna sail?" anauliza kama unataka kusafiri kwa tanga. "Wanna soda?" anauliza kama unataka soda. Hapa pia neno linalofuata ndilo hakimu, likiwa kitenzi ni "to", likiwa kitu ni "a".

Turudi kwenye swali la gatini tulifungue. "Wadaya gana": kuna "gana", basi ni "what are you going to". "Chajas": "charge" imemalizika kwa konsonanti na "us" imeanza kwa irabu, zikashikana zikawa neno moja. Hii hutokea kila mahali, "tell him" huwa "telim" kwa sababu "h" nayo imeanguka. "Tago": "to go". "Auta": "out to", na ile "a" yetu fupi imerudi. Yaliyotamkwa kwa nguvu ni "charge", "out" na "Takwa". Mtu akiyashika hayo matatu pamoja na ile "wa" ya kuuliza mwanzoni, ana maana yote mkononi hata kama hakusikia mengine.

Wenzetu wa Malindi wana hali yao. Wageni wengi huko ni Waitaliano, na Mwitaliano akisema Kiingereza huzitamka irabu zake kamili kama sisi, kwa hiyo mnaelewana. Muongozaji aliyezoea Kiingereza hicho akikutana na mtu wa Texas huona kama amesahau lugha. Hakusahau. Amezoezwa na sauti nyingine.

Mazoezi yawe madogo na ya kila siku. Tafuta mazungumzo ya kweli yenye maandishi yake, si habari za redioni, maana msomaji wa habari hutamka kwa uangalifu. Kata kipande cha sekunde 10 hadi 15. Kisikilize mara 3 bila kusoma, andika ulichosikia kwa herufi za Kiswahili, hata kama ni "wadaya gana", halafu ndipo ufungue maandishi na kupiga mstari chini ya kila kijineno kilichokupita. Ukimaliza, kiseme mwenyewe kwa kasi ileile. Ulimi ukishaweza kuitoa sauti, sikio huitambua upesi zaidi. Kosa tunaloliona sana ni kupunguza kasi. Kwenye YouTube unaweza kuweka 0.75 mara ya kwanza, si vibaya, lakini "t" iliyomezwa hairudi kwa kupunguza kasi, na ukishuka hadi 0.5 sauti zinavutika mpaka hazifanani na kitu. Rudi kwenye kasi ya kawaida kabla hujaacha kipande hicho. Na usianze kuandika "gonna" na "wanna" kwenye barua pepe ya kuthibitisha chumba. Hizo ni za mdomoni.

Jambo la mwisho halimo katika jamaa ya "whaddya", lakini linaharibu miadi mingi mno kuachwa: "can" na "can't". Wengi husubiri "t" ya mwisho iwaambie kama ni ndiyo au hapana. Mmarekani akisema "We can't do Tuesday", ile "t" husikika kwa shida sana. Sikiliza irabu. Kwenye kukubali, "can" humezwa ikawa "kn" tu: "wi kn du Tuesday". Kwenye kukataa, neno lina irabu kamili na mkazo: "wi kaen du Tuesday". Mwingereza wa kusini hurahisisha kazi, kwake kukataa ni "kaant", "a" ndefu kabisa. Sheria hii huvunjika sehemu mbili: neno likiwa mwisho wa sentensi, kama "Yes, we can", au mtu akisisitiza, "can" ya kukubali nayo hupata irabu kamili. Hapo usibahatishe, na usiseme "Sorry?", kwa kuwa atarudia vilevile. Muulize kwa maneno yasiyo na "can" ndani yake: "So Tuesday is good, or not good?"